Kukodisha viti, turubai na spika: dhamana uipangeje ili usile hasara na mteja asikimbie

Wakuu, kabla hujapanga bei ya kitu chochote chukua karatasi upige hesabu hii moja, maana watu wengi wanaoingia kwenye hii biashara ya kukodisha viti hawaipigi kabisa. Tuseme kiti cha plastiki cha maana umekinunua elfu 15, na mtaani kwenu kinakodishwa shilingi 400 kwa shughuli. Umepata kazi ya viti 100, hiyo ni elfu 40. Viti vimerudi, unahesabu, vitatu havipo. Vitatu tu kati ya 100, hata kwa macho huoni pengo. Lakini vitatu ni elfu 45, yaani kodi yote ya siku ile imeondoka na bado umeingia mfukoni elfu 5, hapo hujalipa vijana wa kubeba wala mafuta ya gari. Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti na hizi, Mwanza sio Dar na Dar sio Tanga, ila weka za kwako kwenye hesabu hiyohiyo utaona matokeo hayapishani sana. Hela ya hii biashara iko kwenye kurudi kwa mzigo kuliko kwenye bei ya kukodisha, na dhamana ndio kitu kinachofanya mzigo urudi, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa sana.

Kwanza tenganisha advansi na dhamana

Hapa ndio ugomvi mwingi unapoanzia. Advansi ni sehemu ya kodi, mteja anaitoa mapema ili umshikie tarehe, na ukishatoa huduma inakuwa yako. Dhamana ni hela ya mteja, wewe umeishika tu, mzigo ukirudi mzima inarudi yote. Sasa mtu anakwambia "si nilishakupa laki na nusu?", wewe unajua ile ni advansi, yeye kichwani anajua ni dhamana, mnagombana saa 5 usiku mbele ya wageni. Tamka maneno yote mawili siku ya kwanza mnapoongea, na kwenye risiti andika mistari miwili, mmoja wa kodi mmoja wa dhamana, usizijumlishe.

Na dhamana usiiguse. Kama inaingia kwenye simu basi uwe na laini nyingine ya hela hizo tu, au itoe uweke kwenye bahasha yenye jina la mteja. Ukiichanganya na hela ya matumizi utainunulia mafuta ya gari Jumamosi, Jumapili mama wa watu anataka chake unaanza kumzungusha, na mtaani habari hiyo inafika kwa wateja wengine kabla hujamaliza kuanua turubai.

Pili, andaa vitu vyenyewe viweze kuhesabika na kutambulika

Dhamana haina nguvu kama huwezi kuthibitisha kwamba kiti ni chako na kwamba kilitoka kizima. Viti vya plastiki vyote vinafanana, kwenye shughuli moja unaweza kukuta viti vyako, vya jirani, vya kanisani na vya kikundi cha akina mama, vyote vyeupe au vyote vya bluu. Usiku wakati wa kukusanya vijana wa mwingine wanapakia tu. Weka alama ya rangi sehemu 2, nyuma ya mgongo ambapo inaonekana mtu akiwa mbali na chini ya kalio ambapo mtu hawezi kuikwangua haraka. Tumia kiolezo ulichokata kwenye plastiki ngumu, ipige rangi ya kupuliza, jina fupi au herufi zako. Wengine wanachoma kwa chuma cha moto chini ya kiti, hiyo haifutiki kabisa na ni nzuri ukiifanya sehemu isiyobeba uzito, usiichome karibu na mguu.

Halafu kila fungu liwe viti 10, sio 12 hapa na 9 pale. Fungu la 10 ukilizoea unajua urefu wake kwa macho, likipungua kiti kimoja kimo chake kinakwambia. Unashusha mafungu 10 mbele ya mteja, anahesabu mafungu, anahesabu viti vya fungu moja, mmemaliza kwa dakika 5 na hana la kubisha.

Kila kiti kabla hakijatoka kigeuze uangalie pale mguu unapoungana na kalio. Plastiki iliyochoka inaonyesha mistari myeupe, kama imekunjwa ikarudi, na ukiibonyeza unasikia inalia. Jua ndio linaua hivi viti kuliko makalio ya watu, vikikaa nje mwaka mzima plastiki inakuwa kavu, mtu mzito akiegemea nyuma kwa miguu miwili kwenye sakafu ya marumaru, mguu unateleza unakatika. Kiti chenye mistari hiyo kitoe, kitumie nyumbani au kiuze chakavu. Sio roho nzuri tu hii. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka mtu anayekodisha kitu kwa malipo awajibike na ubovu wa kitu chake kama umemuumiza aliyekikodi, na kusema "sikujua kama kilikuwa kibovu" hakukuokoi. Sasa fikiria bibi harusi mtarajiwa ana bibi yake wa miaka 80, ameanguka na kiti chako, unadai dhamana ya kiti hicho kwa uso gani.

Tatu, panga kiwango cha dhamana

Watu wanakosea pande mbili. Kuna anayedai dhamana sawa na thamani ya mzigo wote, viti 100 ni milioni na nusu, mteja anakuangalia anaondoka, maana angekuwa na milioni na nusu ya kuweka pembeni angenunua vya kwake. Na kuna anayechukua elfu 10 ya kuzugia, hiyo ni sawa na hakuna, kwa sababu ni ndogo kuliko kiti kimoja, mteja akipoteza kimoja tu tayari ana faida ya kukimbia simu zako.

Njia ninayoona ina akili ni kutenganisha aina mbili za hasara. Ya kwanza ni ile ya kawaida, viti viwili vitatu kupotea, kimoja kuvunjika, turubai kutobolewa na cheche. Hiyo ndio dhamana inatakiwa kuifunika. Ya pili ni balaa, mtu kaondoka na mzigo wote au spika. Hiyo huwezi kuifunika kwa dhamana hata siku moja, inafunikwa kwa kumjua mtu, kujua anapokaa, kupeleka mzigo mwenyewe na kuweka mtu wako pale. Ukishaelewa hivyo unaacha kumsumbua mteja na dhamana kubwa kwa ajili ya wizi ambao dhamana haiwezi kuuzuia.

Kwa viti anza na bei ya viti 5 kwa kila viti 100. Yaani kiti elfu 15, viti 100, dhamana elfu 75. Kwa nini 5 na sio 2, ni kwa sababu dhamana lazima ibaki na kitu hata baada ya kukata hasara ya kawaida. Mteja akishajua amepoteza viwili, bado ana elfu 45 yake kwako, kwa hiyo atapokea simu, atakuja, atatafuta. Hela iliyobaki ndio inayomrudisha mezani. Ukiweka bei ya viti viwili na viwili vikapotea, hana sababu ya kukuona tena, na kama vimepotea vinne umeisha.

Halafu kiwango hicho kinapanda au kinashuka kutegemea mambo haya. Mteja anayekuja na bajaji au guta lake kuchukua mzigo mwenyewe, humjui na hujui mzigo unapokwenda, huyo mzidishie mara mbili, viti 10 kwa 100, au mwambie tunapeleka sisi. Mimi napenda zaidi kupeleka, hata nauli ikiwa ndogo, kwa sababu ukifika unaona nyumba, unaona kama kweli kuna shughuli, unaona sufuria na wamama wanamenya vitunguu, unajua hapa pana watu. Shughuli ya ndani ya ukuta wenye geti ina hasara ndogo kuliko ya uwanja wa wazi karibu na baa, kwenye baa viti vinatembea bila mtu kuwa na nia mbaya, mteja wa baa kakosa kiti kavuta cha kwako. Mteja aliyerudi mara ya tatu na mzigo wake ulikuwa safi mpunguzie, mwambie kabisa kwamba nakupunguzia kwa sababu hiyo, ataitunza sifa yake.

Turubai ni hesabu nyingine

Turubai usimkabidhi mteja alifunge mwenyewe, hata akikwambia ana vijana. Lifunge wewe, lianue wewe. Ukishafanya hivyo dhamana yake inakuwa ndogo, elfu 15 mpaka 30 kwa turubai moja, ya kufidia matobo na madoa tu, kwa sababu bomba na kamba hazijawahi kuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Kinachoharibu turubai ni vitu vichache na vyote unaviona mapema. Upepo ni wa kwanza. Kwenye udongo unapiga vigingi vya chuma ndani kwa kuvilaza kidogo kinyume na upande kamba inakovuta, lakini kwenye zege au pevingi huwezi kupiga kitu, na hapo ndipo utaona mtu amefunga kamba kwenye ndoo tupu au kwenye kiti. Beba viroba vya mchanga, viwili kila nguzo ya kona, au ndoo zilizomiminwa zege zenye ndoano, na kamba zaidi ziende kwenye mti au nguzo ya ukuta imara. Upepo ukianza kuinua turubai mpaka miguu inacheza, toa pazia za pembeni kwanza maana ndio zinazokamata upepo kama tanga la jahazi, na kama haitulii watoe watu chini yake. Usifunge chini ya nyaya za umeme za TANESCO, bomba la chuma refu likiinuliwa na vijana wanne linagusa waya kabla mtu hajapiga kelele.

Mvua nayo, kama kitambaa hakijakazwa maji yanatuama juu, tumbo linashuka, linakunja bomba. Kaza mpaka ukipiga kwa kiganja kilie, na upande mmoja uwe chini kidogo maji yapate njia. Ukilianua likiwa na maji usilikunje ukaliweka stoo, ndani ya siku chache linapata ukungu, madoa meusi hayatoki na harufu inabaki. Lianike likauke kwanza.

Hapa nataka kusema jambo la haki. Upepo ukichana turubai ulilofunga wewe, hiyo ni hasara yako, usiikate kwenye dhamana ya mteja. Lakini akiweka jiko la mkaa au la kuni chini yake, cheche zikatoboa, hiyo ni yake. Mwambie siku ya kufunga, onyesha kwa kidole jiko likae wapi, hatua kama 5 kutoka kwenye turubai na upande ambao upepo haurudishi moshi kwenye kitambaa.

Spika zinakwenda na fundi wake

Kwa spika nasema moja kwa moja, usikodishe kwa mtu usiyemjua bila fundi wako kwenda nazo. Spika inaibika, inabebeka kwenye bajaji, na ikiungua huwezi kujua kwa macho. Mtu akichukua pawamiksa na kuifungulia mpaka ile taa nyekundu inawaka muda wote, sauti inakuwa imekatwa kichwa, na umeme wa sauti ya namna hiyo ndio unaochoma twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Spika ikirudi inalia, besi ipo, mteja anakwambia "si unasikia inapiga", kumbe sauti za juu zimekufa. Kwa hiyo kabla ya kutoka na baada ya kurudi, piga wimbo uleule unaoujua, spika moja moja, sauti ndogo. Ukikosa zile sauti kali za matoazi na herufi "s" ya mwimbaji, twita imekwenda. Zima, sukuma kidogo kwa vidole vya mikono miwili ile karatasi ya besi iende ndani sawasawa, ukisikia inakwaruza koili imeungua au imepinda.

Akiwepo fundi wako dhamana inabaki kwa ajili ya maiki tu, kwa sababu maiki ndio zinapita mikononi mwa MC, wajomba na watoto, zinaanguka, zinasahaulika kwenye gari la mtu. Chukua bei ya maiki moja. Kama mteja ni mtu unayemjua na anataka spika bila fundi, basi dhamana isiwe chini ya nusu ya bei ya kununua, na muwe na mdhamini, mtu wa pili anayekaa eneo lilelile ambaye amesaini na umempigia simu mbele ya mteja.

Hesabu ya kazi moja kuanzia mwanzo

Tuchukue mama mmoja wa Kimara anafanya sendofu ya binti yake, wageni 150, Jumamosi. Anataka viti 150, turubai 2, spika 2 na pawamiksa yenye maiki. Unampa bei hivi: viti 150 kwa 400 ni elfu 60, turubai 2 kwa elfu 50 pamoja na kufunga ni laki 1, muziki na fundi ni elfu 120, kenta kwenda na kurudi elfu 40. Jumla laki 3 na elfu 20. Advansi nusu, elfu 160, ili tarehe isipewe mtu mwingine.

Dhamana sasa. Viti 150 kwa kiwango cha 5 kwa 100 ni saba na nusu, weka 8, ni elfu 120. Turubai zote 2 elfu 30. Maiki elfu 30. Jumla laki na elfu 80. Hiyo maana yake siku ya kushusha mzigo mama analipa elfu 160 iliyobaki na dhamana elfu 180, jumla elfu 340, wiki ambayo anadaiwa na mpishi, mpambaji na mtu wa keki. Atalalamika na ana haki. Atakwambia, "Mwanangu, hiyo dhamana yako ni kubwa kuliko hata hela ya viti."

Usimbishie na usishushe tu kwa huruma, badilisha kitu na kitu. Mwambie hivi, mama, tunaweza kushuka mpaka laki moja, ila kijana wangu atabaki mpaka mwisho wa shughuli, anahesabu viti usiku uleule kabla wageni wa mwisho hawajaondoka, utamlipa elfu 15 na sahani ya chakula. Kijana akiwepo viti havivuki kwenda nyumba ya jirani, kwa hiyo hatari imepungua kweli na wewe hujajiumiza. Mama ameokoa elfu 80 ya kushikiliwa kwa gharama ya elfu 15, wengi wanakubali.

Baada ya kukubaliana mtumie meseji Wasap, hata kama mmeandika kwenye karatasi, na umuombe ajibu "nimekubali":

"Mama, tumekubaliana viti 150 (mafungu 15 ya 10), turubai 2, spika 2, pawamiksa 1, maiki 2. Kodi 320,000, umelipa advansi 160,000, imebaki 160,000 siku ya kushusha. Mlinzi wa viti 15,000, utampa mwenyewe. Dhamana 100,000, sio kodi, inarudi baada ya kuhesabu. Kiti kikipotea au kuvunjika 15,000. Tobo la turubai kiraka 5,000, kuchanika tutapima pamoja kwa fundi. Maiki 30,000. Tunachukua mzigo Jumapili saa 2 asubuhi. Tukichelewa kuja, kitakachopotea baada ya muda huo ni juu yetu."

Huo mstari wa mwisho watu hawapendi kuuandika ila ndio unaomfanya mteja aamini yote yaliyo juu. Mzigo wako ukilala uwanjani mpaka Jumatatu kwa sababu gari lilikuwa na kazi nyingine, huwezi kumdai yeye kiti kilichochukuliwa Jumapili jioni. Na bei za fidia ziandikwe kabla, maana kiti cha miaka 2 ukikidai kwa bei ya kipya baada ya kuvunjika mtabishana bila mwisho, ila akikubali mapema hana neno. Usiandike bei za kukomoa, kiti cha elfu 15 ukakiandikia elfu 40, maana hata mkifika mbele ya hakimu sheria yetu ya mikataba inakupa fidia inayostahili tu, kiasi mlichoandika ni kikomo cha juu.

Kuhusu kitambulisho, piga picha cha NIDA na umrudishie hapohapo. Kushikilia kadi ya mtu kunaleta matatizo yake, kesho anaihitaji benki au kusajili laini, au ikipotea kwako unakuwa mdaiwa wewe. Na hiyo picha usiirushe kwenye magrupu hata akikuzingua, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Basi Jumapili saa 2 mmefika. Mnahesabu kabla ya kupakia, chini, mafungu ya 10, na mama au mtu aliyemteua amesimama hapo. Ukipakia kwanza ukaenda kuhesabia stoo ukapiga simu "mama vimepungua viwili", hata ukisema kweli umeshapoteza haki yako, maana hakuona. Mmepata 146 vizima, kimoja kimepasuka mguu, vitatu havionekani. Usikimbilie kukata hela, mpe nusu saa watoto wazunguke. Vimepatikana 2 kwa jirani, walivuta usiku kijana akiwa ameshaondoka, wakakaa kupunga upepo. Kwa hiyo hasara ni kiti 1 kilichopotea na 1 kilichovunjika, elfu 30. Turubai moja ina tobo dogo la cheche, elfu 5. Maiki zipo 2 na zinalia. Laki moja toa elfu 35, unamrudishia elfu 65.

Irudishe palepale, kwa M-Pesa au taslimu, na ukituma kwa simu makato ya kutuma beba wewe. Kiti kilichovunjika muonyeshe kilipopasuka, na kama pale penye mpasuko unaona ile mistari myeupe ya zamani, kiti kilikuwa kimechoka kabla hakijafika kwake, usimkate. Ukishamkata hela ya kiti na anataka kuchukua mabaki yake mpe, amekinunua.

Msiba

Hapa utaratibu wa dhamana unakaa pembeni. Mtu amefiwa saa 10 alfajiri, saa 1 asubuhi watu wameshaanza kujaa, huwezi kusimama mlangoni unadai elfu 75 kabla hujashusha viti, na binafsi naona ni aibu. Lakini mzigo wa msiba ndio unaokaa siku nyingi, unaweza kukaa siku 3 mpaka watu wanaanua tanga, watu wanaingia na kutoka usiku kucha, wanaolala nje wanaunganisha viti, kwa hiyo upotevu wake unaweza kuwa mkubwa kuliko wa harusi.

Unachofanya ni kutafuta mtu badala ya hela. Karibu kila msiba una kamati hata kama haijaitwa hivyo, kuna mtu anashika daftari la rambirambi na kuna anayesimamia chakula. Muulize mjumbe au jirani wa karibu, usiwasumbue wafiwa, pata jina la mtu mmoja atakayepokea viti na atakayevirudisha, mhesabie, mwandikie namba kwenye daftari lake na kwenye lako. Kila jioni pita kutoa pole, hesabu mafungu ya viti visivyokaliwa, vilivyokaliwa hesabu kwa macho. Ukiona pungufu siku ya kwanza jioni unaweza kuvipata, siku ya tatu baada ya mazishi kila mtu ameshatawanyika. Bei toza kwa msiba mzima na sio kwa siku, na kama kuna kiti kimoja viwili vimepotea zungumza na huyo mtu wa kamati baada ya watu kutawanyika, kwa sauti ya chini, mara nyingi wanalipa kutoka kwenye michango iliyobaki bila kelele. Kwenye bei yako ya msiba ongeza kidogo kuliko shughuli ya siku moja ili hasara ndogo imezwe humo, na isiwe bei ya kumuumiza mtu.

Daftari

Kila kazi iwe na mstari wake: tarehe, eneo, aina ya shughuli, viti vilivyotoka, vilivyopotea, vilivyovunjika, dhamana iliyochukuliwa, iliyorudishwa. Ukishafanya kazi 20 hivi jumlisha. Kama umetoa viti 2,000 na vimepotea 30 hiyo ni kimoja na nusu kwa 100, kiwango cha 5 kinakutosha. Kama sendofu na harusi zinapoteza 1 kwa 100 lakini vigodoro vya uwanja wa wazi vinapoteza 4, usipandishe dhamana kwa wote, wapandishie wa vigodoro wafike 8 na hao wengine uwashushe mpaka 3, utapata wateja wengi wa harusi kuliko mwenzako wa mtaa wa pili anayetoza kila mtu sawa. Bei ya kiti dukani nayo iulize kila baada ya miezi michache, ikipanda kutoka elfu 15 kwenda 18 badilisha fidia kwenye meseji yako siku hiyohiyo, kabla ya kazi inayofuata haijatoka.